Kusawazisha Mashine ya Hewa ya Kuokoa Joto na Kusafisha Kiini Chake

Katika nyumba za nchi za baridi zilizozibwa barabara ili joto lisivuje, hewa haiingii wala kutoka kwa kutegemea nyufa, bali huendeshwa na mashine yenye feni mbili, moja ikivuta hewa safi kutoka nje na nyingine ikitoa hewa iliyochoka kutoka jikoni, bafuni na sehemu ya kufulia. Mikondo hiyo miwili hupishana ndani ya kiini, yaani boksi lenye karatasi nyembamba nyingi za plastiki au alumini zilizopangwa kwa tabaka, ambamo hewa inayotoka huacha joto lake kwenye karatasi na hewa inayoingia hulichukua, bila hewa zenyewe kuchanganyika. Ufundi huu ulijengeka hasa katika nyanda za Kanada, ambako nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina, jimbo la Saskatchewan, mwaka 1977, iliunganisha kuta nene zisizovuja na mashine ya aina hii. Leo msemaji wa Kiswahili aliyehamia Winnipeg au Edmonton kutoka Bukavu au Kigoma huenda akaikuta mashine hiyo imening'inia katika chumba cha chini ya ardhi, ikinguruma mchana na usiku, bila mtu wa kumweleza inataka nini kwake.

Inataka mambo mawili, na yote mawili ni kazi moja. Jambo la kwanza ni usawa, yaani kiasi cha hewa inayoingia kilingane na kiasi cha inayotoka, na la pili ni usafi wa njia ambamo hewa hiyo hupita. Kosa lililozoeleka ni kuyatenganisha mambo hayo, na kuyaendea kwa mpangilio uliogeuzwa: mtu hugundua kuwa mkondo mmoja umepungua, akakaza kilango cha mkondo wa pili hadi vipimo vilingane, kumbe upungufu ule ulitokana na chujio lililojaa vumbi. Chujio likija kusafishwa, usawa aliouweka huvurugika tena, safari hii kwa upande wa pili. Kwa hiyo kanuni inayotawala mwongozo huu ni kwamba mashine husafishwa kwanza, kisha hupimwa, na vilango huguswa mwisho.

Sababu ya kujali usawa hueleweka vizuri zaidi kwa kufuata safari ya hewa iliyozidi. Ichukuliwe nyumba ya ghorofa moja juu ya sakafu ya chini, yenye chumba cha chini ya ardhi na ujazo wa mita 600 za ujazo, ambayo mashine yake huingiza lita 63 kwa sekunde na kutoa lita 47 tu. Lita 16 zilizozidi haziwezi kubaki ndani, hivyo hujipenyeza kupitia matundu madogo ya kuta na dari, na kwa kuwa hazipiti kwenye kiini, huondoka na joto lake lote. Nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na ndani nyuzi 21, joto linalopotea kwa njia hiyo hukaribia wati 700 muda wote, sawa na hita ndogo ya umeme iliyowashwa bila kumpasha mtu yeyote. Lakini hasara ya joto ndiyo nyepesi. Hewa ya ndani yenye unyevu wa asilimia 35 huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 5 hivi, na katikati ya ukuta wa Winnipeg mwezi Januari kuna baridi kuliko hiyo, kwa hiyo mvuke unaosukumwa humo hugeuka maji au barafu ndani ya mbao, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukungu na uozo vijitokeze.

Hali ya kinyume, yaani hewa inayotoka ikizidi inayoingia, huleta hatari nyingine. Nyumba hupungukiwa na hewa na kuanza kuivuta popote inapoweza kuipata, pamoja na kwenye bomba la moshi la hita ya maji au la tanuri la gesi lisilo na feni yake, na ndipo moshi wenye monoksidi ya kaboni unaporudi ndani badala ya kupanda juu. Nguvu ya mvuto huu hutegemea jinsi nyumba ilivyozibwa. Wakaguzi huipima nyumba kwa kufunga feni kubwa mlangoni na kuunda tofauti ya shinikizo la paskali 50, paskali ikiwa kipimo kidogo sana cha shinikizo, kisha wakahesabu hewa yote ya nyumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Viwango vya Kanada vya nyumba za R-2000 huruhusu mara 1.5. Nyumba ya mfano ikiwa na kipimo cha mara 1, upungufu wa lita 16 peke yake hushusha shinikizo kwa paskali 1.4 hivi, jambo lisilotisha. Ila mashine ya kukausha nguo inayotoa lita 60 nje ikiwashwa wakati huohuo, upungufu hukaribia paskali 15, ilhali kikomo kinachotumiwa mara nyingi kulinda vifaa vyenye bomba la moshi la kawaida ni paskali 5. Kikaushio peke yake kingefikisha paskali 10, na hapo panaonekana kwamba kusawazisha mashine ya hewa hakutibu kila kitu: nyumba iliyozibwa namna hii haipaswi kuwa na kifaa cha gesi kinachotegemea moshi kupanda wenyewe, hata mashine ikiwa na usawa kamili.

Kazi yenyewe huanzia nje ya nyumba, mahali ambapo watu wengi hupasahau. Ukutani huwa na kofia mbili, yaani vifuniko vya mdomo wa mabomba, moja ya kuvuta hewa na moja ya kuitoa, na kofia ya kuvuta huwa na wavu wa kuzuia panya na ndege. Wavu huo hunasa manyoya ya mimea, majani, nyuzi za nguo na, wakati wa baridi, theluji na barafu, hata ukaweza kuzibika kabisa huku mashine ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna tatizo. Husuguliwa kwa brashi kavu, na mtu asishawishike kuuondoa moja kwa moja.

Baada ya hapo mashine huzimwa na plagi yake huchomolewa, kwa kuwa kubonyeza swichi ya ukutani hakukati umeme ndani ya mashine, na feni inaweza kuanza kuzunguka mkono ukiwa ndani. Mlango ukifunguliwa, vichujio huonekana vikiwa vimekaa kwenye nyuso za kiini ambako hewa huingilia. Vichujio vya povu au nyuzi zinazofuliwa hufyonzwa vumbi, huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kuachwa vikauke, na vile vya karatasi hubadilishwa. Kwa mashine inayofanya kazi mfululizo, kila miezi miwili ni kadiri inayofaa, ijapokuwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi au yenye mbwa ndani yake itadai mapema zaidi.

Kiini chenyewe hutolewa mara mbili kwa mwaka, na wakati unaofaa ni mwanzoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi cha kwao, kabla mashine haijaanza kuganda. Kabla ya kukivuta, upande wake wa juu na wa mbele huwekewa alama kwa kalamu, kwa sababu baadhi ya viini havifanani pande zote, na kikirudishwa kimegeuzwa, maji ya umande hayatafuata njia yake. Kisha huvutwa taratibu kwenye reli zake, mikono ikiwa ndani ya glavu ikiwa ni cha alumini, maana kingo zake hukata. Kinaweza kuwa kizito kuliko kinavyoonekana ikiwa bado kuna maji kati ya tabaka.

Hapa ndipo lazima mtu ajue ni kiini cha aina gani alichokishika. Cha plastiki au alumini, ambacho hupitisha joto tu, hufyonzwa vumbi kwa brashi laini kwenye nyuso zake zote nne, kisha hulowekwa katika beseni au hodhi la kuogea lenye maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, na kuachwa humo hadi uchafu uliogandamana na mafuta ya jikoni ulegee. Baada ya hapo husuuzwa kwa maji yanayotiririka polepole kupitia upande mmoja hadi yatoke meupe, halafu upande wa pili. Mpira wa maji wenye shinikizo kubwa hukunja karatasi zake, na mashine ya kuoshea vyombo huzipinda kwa joto, na zikipinda hazinyooki tena. Kiini cha aina ya pili, kinachopitisha pia unyevu kupitia utando mwembamba, kina masharti tofauti kabisa: kuna kinachoruhusu kulowekwa katika maji baridi bila sabuni, na kuna cha karatasi maalumu ambacho maji hukiharibu mara moja na hufaa kufyonzwa vumbi tu. Lebo iliyo ubavuni mwa kiini, au kitabu cha mtengenezaji, ndiyo hukumu; pasipo lebo wala kitabu, njia salama ni kufyonza vumbi bila maji.

Wakati kiini kinachuruzika maji kikiwa kimesimamishwa kwa pembe yake, tumbo la mashine hupanguswa. Chini yake kuna sinia la kukusanya umande, na kutoka hapo bomba dogo linaloelekea kwenye mfereji wa sakafu, likiwa limekunjwa kitanzi ambacho hubaki na maji ili hewa ya mfereji isivutwe juu. Hujaribiwa kwa kumimina maji kidogo ndani ya sinia na kuangalia kama yanatoka bila kusita, na kitanzi kikiwa kimekauka, maji hayohayo hukijaza. Mapanga ya feni hupigwa brashi nyepesi, na vibanio vidogo vya chuma vilivyopachikwa juu yake haviondolewi, kwa maana ndivyo vilivyoifanya feni izunguke bila kutetemeka. Mwishowe hukaguliwa kamba za mpira zilizo kwenye reli za kiini. Kamba iliyong'oka huacha mwanya unaoruhusu hewa chafu kurudi moja kwa moja kwenye hewa safi, na kasoro hii ina hila, kwa sababu vipimo vya mkondo kwenye mabomba vinaweza kuonyesha usawa mzuri huku harufu ya bafuni ikirudi vyumbani. Pua ndiyo huigundua kabla ya kipimo.

Kiini kikishakauka na kurudishwa, vichujio vikiwa mahali pake na mlango umefungwa, ndipo upimaji huanza. Fundi hutumia pete ya kupimia, yaani kipande cha bomba chenye vijibomba viwili vyenye matundu, kimoja kikipokea msukumo wa hewa na kingine shinikizo lake la kawaida, ambavyo mirija yake huunganishwa na manomita, kifaa kinachosoma tofauti ya shinikizo kwa paskali. Jedwali lililobandikwa kwenye pete hugeuza paskali kuwa lita kwa sekunde. Pete hiyo huwekwa katika mabomba ya upande wa joto, yaani yale yaliyo kati ya mashine na vyumba, katika sehemu iliyonyooka iwezekanavyo, kwa sababu hewa ikitoka kwenye kona hujazana upande mmoja na kudanganya kipimo, na hewa baridi ya upande wa nje ni nzito kiasi cha kuvuruga hesabu. Mashine zenye vitundu vya kupimia mlangoni humwepusha fundi na kazi ya kukata bomba.

Mazingira ya kipimo hayana budi kutulizwa. Milango na madirisha ya nje hufungwa, kikaushio na feni ya jikoni huzimwa, mashine huwekwa kwenye kasi ya juu, na siku ya upepo mkali huahirishwa. Ikiwa bomba la hewa safi limeunganishwa na mfumo wa tanuri la kupasha nyumba, feni ya tanuri huwashwa wakati wa kupima, kwa kuwa feni hiyo huvuta hewa ya mashine na kuongeza mkondo unaoingia. Mashine iliyosawazishwa feni ikiwa imezimwa huwa imesawazishwa kwa hali isiyokuwapo. Lazima pia ihakikishwe kuwa mashine haiko katika kuyeyusha barafu, hatua ambayo kibamba cha ndani hufunga hewa ya nje na kuzungusha ya ndani kwa dakika kadhaa, na ambayo huanza yenyewe baridi ikizidi nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi, kulingana na aina ya mashine.

Ile nyumba ya mfano inaonyesha mwenendo wa kazi. Kwa kuhesabu vyumba kwa kanuni ya Kanada ya F326, inayotoa lita 10 kwa chumba kikuu cha kulala na 10 kwa chumba cha chini ya ardhi, na lita 5 kwa kila chumba kingine, nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko na mabafu mawili inahitaji lita 55. Kabla ya usafi, hewa iliyoingia ilikuwa lita 63 na iliyotoka 47. Baada ya kusafisha, iliyoingia imepanda kidogo hadi 64, ilhali iliyotoka imeruka hadi 57, maana chujio la hewa ya bafu na jiko ndilo lililokuwa limeziba kwa nyuzi za taulo na mafuta. Tofauti iliyokuwa lita 16 imeshuka kuwa 7 pasipo skrubu yoyote kuguswa.

Lita 7 zilizobaki ni asilimia 11 hivi ya mkondo mkubwa, juu kidogo ya asilimia 10 ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ukomo, kwa hiyo sasa ni zamu ya kilango, kibamba cha chuma kinachozunguka ndani ya bomba. Kinachopunguzwa siku zote ni mkondo mkubwa, kwa sababu mdogo umeshafika mwisho wa uwezo wake. Kilango cha hewa inayoingia huzungushwa kidogokidogo, kipimo kikingojewa kitulie kila mara, hadi lita 56. Pete ikirudishwa kwenye bomba la pili, hewa inayotoka husomeka bado 57, lakini kwa kuwa kubana mkondo mmoja hubadili shinikizo la nyumba na kunaweza kuugusa mkondo wa pili, yote miwili hurudiwa kupimwa baada ya kila badiliko. Mikondo yote miwili iko juu ya lita 55 zinazohitajika, na ile lita moja iliyozidi kwa upande wa kutoka inafaa zaidi katika baridi kuliko kinyume chake, kwani huzuia mvuke kusukumwa ukutani. Skrubu ya kilango hukazwa, mahali pake huwekewa alama, na vipimo pamoja na tarehe huandikwa ndani ya mlango wa mashine, kwa ajili ya atakayekuja kupima baadaye.

Asiye na manomita anaweza kupata makadirio kwa njia ambayo Shirika la Kanada la Rehani na Nyumba lilikuwa likiwafundisha wenye nyumba: mfuko mkubwa wa taka wa plastiki hufungwa mdomo wake kwenye waya wa kuning'inizia nguo uliopindwa kuwa fremu. Mfuko uliobanwa ukawa bapa hushikiliwa kwenye kofia ya kutoa hewa na sekunde za kujaa kwake huhesabiwa, kisha mfuko uliojaa hushikiliwa kwenye kofia ya kuvuta na sekunde za kunywea kwake huhesabiwa. Nyakati hizo zikikaribiana, usawa si mbaya, na zikitofautiana sana, usafi au fundi anahitajika. Njia hii haifai kwa kukaza vilango, lakini inafichua kofia iliyoziba kwa uhakika kuliko kusikiliza mngurumo.

Kipimajoto, kwa upande mwingine, hupendwa kuliko kinavyostahili. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ya ndani 21, na inayoingia vyumbani ikiwa nyuzi 12, mashine imeirudishia hewa nyuzi 27 kati ya 36 zilizowezekana, yaani asilimia 75, na hilo ni tokeo zuri kama mikondo ni sawa. Lakini wavu wa kofia ya kuvuta ukiziba nusu, hewa kidogo inayoingia hukaa muda mrefu zaidi kwenye kiini chenye joto jingi, hupanda hadi nyuzi 15 au 16, na mwenye nyumba hufurahia asilimia iliyoongezeka kumbe anapumua nusu ya hewa. Joto lisomwe baada ya mkondo, kamwe si badala yake.

Baridi kali ina mzunguko wake wa hatari unaofaa kutambuliwa mapema. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, kiini hupoa kupita kiasi, umande wa hewa chafu huganda ndani ya tabaka na kuibana njia ya kutoka, na kubanwa huko huongeza tofauti ileile iliyoanzisha kuganda. Dalili zake ni barafu kwenye pembe ya kiini, hewa baridi isiyo ya kawaida vyumbani, madirisha yanayotoa jasho na sinia lililojaa maji baada ya mashine kuzimwa. Kiini kilichoganda huachwa kiyeyuke chenyewe ndani ya nyumba, kwa kuwa kukipiga au kukipuliza hewa ya moto hutoboa karatasi. Ikiwa barafu hurudi ingawa mikondo imelingana, hukaguliwa kibamba cha kuyeyushia, ambacho mota yake ikifa hubaki wazi, na hewa ya nje huendelea kumiminika bila kiini kupewa nafasi ya kupata joto.

Mashine mpya zenye mota zinazojipima na kujisawazisha hupunguza kazi ya vilango, ila hupima kwa vihisio ambavyo navyo hushika vumbi, na zinapokutana na chujio lililoziba huongeza mzunguko wa feni kimyakimya, zikila umeme zaidi huku namba kwenye skrini zikibaki zilezile. Na panapotokea kwamba mashine ni safi, kofia ziko wazi, kilango cha mkondo mdogo kimefunguliwa kabisa, na bado mkondo huo hauvuki lita 55, tatizo halimo tena ndani ya mashine bali katika mabomba: bomba laini lililobonyea juu ya boriti, kona nyingi mno, au maji yaliyotuama kwenye mkunjo wa bomba la upande wa baridi ambalo kifuniko chake cha kuzuia mvuke kimechanika. Kukaza mkondo mkubwa hadi ulingane na ule ulio dhaifu kungeleta usawa wa karatasi na kuiacha nyumba ikikosa hewa, kwa hiyo hapo vilango huachwa na fundi wa mabomba huitwa.